Udongo wa Umalila wakati unasubiri kuitwa usaili

Mbeya, Agosti

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Shahada ya kilimo unayo, maombi ya Afisa Kilimo Daraja la II umetuma, na sasa unauliza ufanye nini hapo Mbalizi kazi uliyosomea isikusahau, na mkono upate chochote. Jibu langu ni moja: upimaji wa udongo kwa wakulima wa mahindi wa huko juu Umalila, na uanze mwezi huu. Mavuno yametoka, mashamba yapo wazi, mvua inatarajiwa Novemba. Ukingoja Oktoba, majibu ya maabara yatamkuta mkulima ameshanunua mbolea.

Unachouza si kuchimba udongo. Kuchimba kila mtu anaweza. Unauza sampuli ya kuaminika, kisha karatasi moja ya Kiswahili inayomwambia mkulima anunue mifuko mingapi ya nini. Hapo katikati ndipo penye kazi yako.

Chukua shamba la ekari 2. Kwanza litembee lote na mwenye shamba ukimuuliza: wapi palikuwa na zizi, wapi palichomwa mabaki, wapi mahindi hudumaa kila mwaka. Kama kipande cha bondeni ni cheusi na cha mlimani ni chekundu, hizo ni sampuli mbili. Ukizichanganya utapata wastani usioifaa sehemu yoyote. Katika kila kipande tembea kwa zigizaga na uchimbe sehemu 15 hadi 20. Ruka vichuguu, njia, kingo za shamba, chini ya miti na mahali lilipokaa lundo la samadi.

Kwenye kila sehemu ondoa majani ya juu, chimba shimo la sentimita 20 kwa beleshi, kisha kata kipande chembamba kutoka ukutani mwa shimo, kuanzia juu hadi chini. Punguza pande zake, ubaki na ule ukanda wa katikati tu, uuweke kwenye ndoo. Ukishamaliza vunjavunja mabonge, changanya vizuri, tandaza juu ya nailoni safi, ugawe mafungu manne. Tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, ugawe tena, mpaka ubaki na kama nusu kilo hadi kilo moja. Anika kivulini, si juani wala karibu na moto. Andika jina la mkulima, kipande, kina, tarehe, na zao lililotoka.

Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati huongeza zinki kwenye majibu. Na usikubali kamwe kupewa mfuko wa zamani wa mbolea ya DAP wa kubebea udongo, hata kama mwenye shamba ameukung'uta mbele yako. Chembe chache zinatosha kupandisha fosforasi. Dalili yake utaiona baadaye: maabara inasema fosforasi ipo nyingi, wakati msimu uliopita mahindi machanga ya shamba hilohilo yalikuwa na majani ya zambarau, dalili ya upungufu wa fosforasi. Vitu viwili hivyo vikigongana, usimwandikie mtu ushauri. Rudi uchukue sampuli upya kwa gharama yako.

Sampuli peleka maabara ya kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, daladala za kutoka Mbalizi unazijua. Ada ya maabara ailipe mkulima mwenyewe kwa control namba, ili risiti isome jina lake. Fedha ya maabara ikipita mkononi mwako, siku majibu yakichelewa utaonekana umeila.

Sasa majibu. Angalia kwanza pH, kipimo cha asidi ya udongo, ilipimwa kwenye maji matupu au kwenye maji yenye chumvi ya CaCl2, kwa sababu ya CaCl2 husoma chini zaidi, na huwezi kuzilinganisha hivihivi. Tuseme ni 4.8 kwenye maji. Hapo aluminiamu inachoma mizizi na fosforasi inang'ang'aniwa na udongo. Mkulima ataongeza DAP kila mwaka na mahindi hayataonyesha. Chokaa ya kilimo inatangulia.

Halafu kuna kosa linalowaumiza wengi, la hekta na ekari. Ushauri mara nyingi huandikwa kwa hekta, na mkulima wako anahesabu ekari. Tuseme karatasi inataka chokaa tani 2, naitrojeni kilo 100 na fosfati (P2O5) kilo 46 kwa hekta. Gawa kwa 2.5. Kwa ekari inakuwa chokaa kilo 800, naitrojeni kilo 40, fosfati kilo 18.4. DAP ni 18-46-0, yaani naitrojeni asilimia 18 na fosfati asilimia 46, kwa hiyo kilo 40 za DAP zinatoa fosfati yote hiyo, na zinaleta naitrojeni kilo 7.2. Imebaki naitrojeni kilo 32.8, yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni kilo 71 za kukuzia. Kwa ekari 2, mwandikie: DAP kilo 80, yurea kilo 142, chokaa kilo 1,600, yaani mifuko 32 ya kilo 50. Anayesahau kugawa humnunulisha mtu mifuko minne ya DAP badala ya miwili kasoro.

Mifuko 32 ya chokaa ni mzigo mkubwa kupandisha Umalila. Mkulima akishtuka, mwambie afanye ekari moja kwa kipimo kamili mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Asinyunyize nusu kipimo kila mahali, maana hataona tofauti na atakulaumu wewe. Chokaa ichanganywe na udongo wakati wa kulima, mapema, kwa sababu inahitaji unyevu na wiki kadhaa kabla ya mbegu. Na kama mwakani kipande hicho ni zamu ya viazi, asiweke chokaa kabla ya viazi. pH ikipanda, ugonjwa wa magaga hupata nafasi. Chokaa aiweke mwanzoni mwa zamu ya mahindi.

Bei ihesabu kwa safari mbili: ya kuchukua na ya kurudisha majibu. Kwa mfano, shilingi 25,000 siku ya kwanza na 25,000 ukikabidhi karatasi, nauli juu yake. Usipokee zote mwanzoni, na usiende shamba moja peke yake. Tafuta wakulima watano au sita wa upande mmoja, mgawane bodaboda. Vinginevyo faida yako yote inabaki barabarani. Duka la pembejeo likikupa kamisheni ili uwaelekeze wateja, kataa. Mkulima akijua, hatakuamini ukimwambia apunguze DAP. Kuuza viuatilifu mwenyewe nako kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, hivyo usijaribu kimyakimya.

Kuhusu maombi, weka asubuhi moja kwa wiki ya kufungua portal.ajira.go.tz na usiiuze kwa mteja yeyote. Barua iwe na saini, vyeti vithibitishwe na wakili, na matokeo ya muda usiyapandishe, hayapokelewi. Linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo. Kama yanatofautiana hata herufi, shughulikia sasa, si wiki ya usaili. Wakulima nao waambie tangu mwanzo kwamba ukiitwa usaili utaondoka, na umtaje mwenzako atakayerudisha majibu yao.

Tunza daftari la kila shamba: kijiji, ekari, pH, ulichoshauri, gunia alizovuna baada ya hapo. Ukifika mwezi wa saba mwakani rudi ukaulize mavuno, hata kama hakuna anayekulipa siku hiyo.

Nitumie karatasi yako ya kwanza kabla hujaikabidhi, nikusaidie kuhakiki mahesabu. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Rafiki yako wa Uyole