Barua kwa Mwanangu: Kazi Inayokubali Kukusubiri

Igombe, Mwanza

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika. Nimeona nikujibu kwa kalamu kwa sababu haya niliyonayo ni marefu kuliko vocha. Mama yako hajambo, goti linamsumbua kidogo tu.

Uliponiambia kule dukani wamekuambia usirudi kwa sababu ya zile siku tatu za maumivu ya nyonga, nilikaa kimya kwenye simu. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nahesabu. Tangu uanze kazi, hii ni mara ya tatu ugonjwa wako wa selimundu unakutoa mahali, na mara zote tatu hukufukuzwa kwa kutojua kazi. Ulifukuzwa kwa kutojua kesho utaamkaje.

Sasa umeniuliza ufanye biashara gani ya kwako. Majirani watakuambia chapati, samaki wa kukaanga, au kibanda cha uwakala wa fedha. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye uhakika wa asubuhi yake. Unga ukishakandwa haungoji maumivu yaishe. Sangara aliyenunuliwa saa kumi na mbili asubuhi lazima auzwe leo. Kibanda cha wakala kikifungwa siku mbili, wateja wamehamia kwa jirani na hawarudi. Wewe hukosi nguvu, mwanangu. Ukihesabu mwezi mzima, siku zako za nguvu ni nyingi kuliko za kitandani. Shida ni kwamba huzichagui. Kwa hiyo tafuta kazi ambayo jasho lake linatunzika: ulitoe leo, likae wiki tatu bila kuoza, liuzwe hata siku umelala umefunikwa blanketi.

Ninayoijua mimi ya namna hiyo ni dagaa wakavu waliochambuliwa na kufungashwa. Nimewavua miaka mingi, kuanzia enzi za karabai mpaka hizi taa za sola, na najua tabia yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, maana wanafuata taa. Mbalamwezi ikikomaa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika wiki moja hivi au zaidi, na bei inapanda. Giza likirudi dagaa wanajaa mwaloni mitumbwi inakotia nanga, bei inashuka. Anayenunua wakati wa giza akatunza vizuri, anauza wakati wa mbalamwezi. Biashara hii yenyewe ina siku za kazi na siku za kulala, na ndiyo maana nimekufikiria wewe.

Ila usiguse dagaa wabichi, hata wakikuvutia kwa bei. Wabichi wakitua alfajiri lazima waanikwe jua la siku hiyo hiyo, na wingu likifunga kutwa mzigo unaanza kunuka jioni. Huo ni utumwa wa saa, tena kwenye baridi na maji ya ziwa, na wewe unajua baridi inavyoamsha mifupa yako. Pia karibu kilo nne za wabichi zinatoa moja tu ya wakavu, kwa hiyo utakuwa unabeba maji. Nunua wakavu, huku kwangu au pale soko la Mwaloni Kirumba.

Kununua ndiko watu wanakopigwa. Gunia linaonyeshwa juu, ubaya uko chini. Ingiza mkono mpaka katikati na utoe konzi. Libane kwenye kiganja kisha fungua: dagaa wakibaki wameshikana, wana unyevu, na watakuotea ukungu ndani ya pakiti. Dagaa mkavu ukimkunja anakatika, halegei. Awe anang'aa kama fedha. Akiwa wa njano au kahawia, mafuta yake yameshaharibika na atakuwa mchungu mdomoni. Mwisho wasugue kidogo juu ya kitambaa cheupe uone mchanga. Walioanikwa chini mchangani wanakuja na uzito wa mchanga, na wewe ndiye unayeulipia. Tafuta walioanikwa juu ya chanja hata kama wanazidi bei.

Sasa nikukumbushe lile jaribio letu la Julai, kwa sababu daftari unalo wewe lakini hesabu ninayo mimi kichwani. Tulinunua kilo 20 kwa shilingi 5,000 kilo, jumla 100,000. Siku ya kwanza ulichambua kilo 6 kwa saa tatu. Siku ya pili ukaamka mwepesi, ukasema leo nimalize, ukachambua kilo 8 juani pale uani, bila maji pembeni, umekaa kwenye kigoda. Usiku ule ule maumivu yakaanza na siku tatu zikaenda kitandani. Siku ya sita ukafanya kilo 2, ya saba kilo 4. Siku mbili zilizobaki tukawaanika tena na kufunga. Baada ya kutoa mchanga, vichwa vilivyovunjika na vifuru vidogo, tulibaki na kilo 18, yaani pakiti 72 za robo kilo.

Pakiti moja tuliuza 2,500. Hamsini alichukua shangazi yako Dar es Salaam, tukampakilia kwenye basi Nyegezi, na 22 walinunua majirani na watu wa kwaya. Zote ni 180,000. Ukitoa mtaji wa dagaa, mifuko na lebo 10,800, nauli 4,000, mzigo wa basi 10,000, makato ya simu 3,200, na 5,000 tuliyomlipa kijana aliyebeba, inabaki 47,000. Kuchambua kulikula saa 10 na kufunga saa 4. Angalia sasa: siku tatu ulizolala hazikupunguza hata shilingi moja. Dagaa walikaa kwenye ndoo yenye mfuniko wakakungoja.

Siku ya pili ndiyo inayoniuma, na kosa lile tulilifanya wote, kwa maana nilikuona na sikukuzuia. Siku nzuri ndiyo ya kuogopa zaidi. Mwili ukiwa mwepesi unataka kulipa deni la siku zilizopotea, na unalipa kwa siku zijazo. Weka kikomo siku ukiwa mzima: saa tatu za kazi, kisha funika ndoo, hata kama bado unajisikia unaweza. Chambulia kivulini, juu ya meza na kiti chenye mgongo ili nyonga zisikunjwe, jagi la maji likiwa mbele yako na uone linapungua. Jifunge kitambaa puani, vumbi la dagaa halifai kifuani mwako. Dawa zako na siku za kliniki zibaki pale pale, biashara isizisogeze.

Kuna sheria moja nataka uishike kuliko zote. Usipokee oda ya mzigo ambao hujaufunga. Mtu akikupigia anataka pakiti 40 Ijumaa na wewe una 25 kwenye ndoo, mwambie nina 25. Hapo ndipo watu wenye ugonjwa kama wako wanapoharibikiwa jina: wanaahidi wakiwa na nguvu, wanatakiwa kutimiza wakiwa hawana. Ukiuza kilichokwisha kufungwa tu, siku ya kitanda unachohitaji ni simu, na kijana wa kupeleka mzigo stendi. Mteja hatajua kama uliugua, wala hana haja ya kujua.

Kwa sababu hiyo hiyo kaa mbali na mikopo ya kausha damu. Marejesho ya kila siku au kila wiki hayajali kwamba umelazwa. Anza na kilo 10 za fedha yako mwenyewe kuliko kilo 50 za mkopo. Na kila mzunguko, toa 10,000 uiweke pembeni kama fungu la kitanda, la kumlipa mtu wa kukimbia stendi na kununua chakula siku hizo. Usinunulie dagaa fedha hiyo.

Kabla ya kufunga, waanike tena saa mbili tatu juani, kisha waache wapoe kabisa kivulini. Ukiwafunga wa moto, mfuko unatoa jasho ndani, na baada ya wiki utaona ukungu mweupe. Ukiona vumbi laini chini ya ndoo, wadudu wameingia: watoe wote, waanike tena, osha ndoo na uikaushe. Wapo wanaopuliza dawa ya wadudu ya nyumbani kwenye dagaa. Usifanye hivyo kamwe, hicho ni chakula cha watoto wa watu. Wakati wa masika nunua kidogo, kwa sababu hata wauzaji wazuri wanashindwa kuwakausha.

Sitakudanganya kuhusu ukubwa wa fedha hii. Ukifanya mizunguko miwili ya kilo 20 kwa mwezi ni kama 94,000, na kwa chumba cha Mabatini na chakula haitoshi peke yake. Kwa hiyo miezi ya kwanza chakula kitatoka kwangu, usione haya. Ukitaka kukuza, usiongeze saa zako, ongeza mikono. Kuna akina mama huku wanaochambua kwa shilingi 500 kilo. Kilo 20 ni 10,000, faida yako inashuka mpaka 37,000, lakini zile saa 10 unazirudisha, na wewe unabaki na kununua, kukagua na kufunga. Hapo mizunguko inaweza kuwa mitatu au minne bila mwili wako kuongezewa mzigo. Siku ukitaka kuingia madukani, pitia SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze habari za alama ya ubora ya TBS, lakini hilo ni la baadaye.

Giza linaanza wiki ijayo. Nimeshaongea na mwenye chanja, ataniwekea kilo 10 za kwanza, nami nitazikagua mpaka chini ya gunia kabla sijalipa. Zitakuja na daladala Jumamosi. Wewe tafuta ndoo mbili zenye mifuniko inayobana, na yule fundi wa jirani mwambie aipandishe ile meza yako ifike kifuani ukiwa umekaa. Nitamlipa mimi.

Ni mimi baba yako.