KUH: Programu yenu ya stoo na risiti kuchukua dakika nne kufunguka

Duka la Vipuri vya Magari,
Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kila nikifungua programu yenu nasubiri dakika nne, mteja amesimama kaunta akidai risiti yake. Nilipopiga simu, kijana wenu alisema laptopu yangu imezeeka, ninunue nyingine. Sikununua. Nilichunguza.

Nilianza na programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikaingia Startup apps, nikazima nane. Laptopu ikawa inawaka upesi, ila yenu haikubadilika, hata nikiifungua saa saba mchana wakati mashine imeshatulia. Nikageukia diski, ambayo ni SSD. Amri ya `Get-PhysicalDisk` ilionyesha Healthy. Neno hilo peke yake sikuliamini, kwa hiyo nikanakili faili kubwa ya video. Ikaisha kwa sekunde chache, bila kukwama.

Ndipo nikafungua Task Manager nikiwa bado naisubiri programu yenu. Yenyewe ilikuwa imelala. Iliyokuwa ikihangaika ni Antimalware Service Executable, yaani antivirusi ya Windows. Nikafungua PowerShell kama msimamizi, nikairekodi:

```
New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl
Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10
```

Faili zote kumi zilizokula muda mwingi zilikuwa ndani ya Temp, kwenye folda yenye jina linaloanza na `_MEI`. Hapo ndipo nilipoelewa. Mmefunga programu nzima kama mzigo mmoja. Kila ikifunguliwa, hufungua mzigo huo upya katika folda yenye jina jipya, na ikifungwa huifuta. Antivirusi hukumbuka faili ilizokwisha kuzikagua, lakini kwenu kila safari ni faili mpya, basi inaanza moja. Nilikuta pia folda kumi na moja za zamani, masalio ya siku nilizochoka kusubiri nikaizima kwa nguvu.

Kuhakikisha, niliiambia antivirusi iiruke Temp kwa muda. Programu ilifunguka kwa sekunde ishirini, kwenye laptopu ile ile "iliyozeeka". Kisha nikaondoa ruhusa hiyo. Kijana wenu wa pili alinishauri niiache, na ushauri huo ndio ulionikera kuliko dakika nne zenyewe: Temp ndipo virusi vingi hutua kwanza, na kwenye laptopu hiyo kuna hesabu za wateja wangu.

Naomba mnipe toleo linalosakinishwa mara moja ndani ya Program Files, faili zikae pale pale badala ya kufunguliwa upya kila siku. Mkishindwa ndani ya siku 14, nirudishieni ada ya miezi iliyobaki. Rekodi ninayo, nitamtumia fundi wenu akiihitaji.

Wenu,
Mhasibu wa duka