Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Shilingi ya Barabara Huishia Wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,

Mimi ni mwalimu wa uchumi hapa Tororo, nami nakuandikia kuhusu kizidishi cha matumizi, yaani hesabu ya pato linalozaliwa na kila shilingi ya serikali inapopita mkono hadi mkono, hesabu ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka mno. Husemwa kwamba, kwa kuwa mwananchi hutumia shilingi 80 katika kila 100 anazopata, bilioni 100 za serikali zitaongeza pato la taifa kwa bilioni 500. Hesabu hiyo ingefaa nchi isiyotoza kodi wala kuagiza bidhaa kutoka nje, na Uganda siyo nchi hiyo.

Tuchukue mfano wa fundi mwashi aliyelipwa shilingi 100 kwa kujenga kalavati. Tuseme kodi inachukua 15, naye anaweka akiba 17. Katika 68 anazotumia, 28 zinakwenda kwa mafuta ya taa, dawa na nguo zilizopitia bandari ya Mombasa. Zilizobaki, yaani 40, ndizo zinazomfikia muuza matoke na mwenye bodaboda, na hao nao wakizitumia vivyo hivyo zinabaki 16, kisha 6 na ushei, mpaka mkondo unakauka. Ukijumlisha mizunguko yote, shilingi 100 za kwanza zimezaa pato la kama 167, wala si 500.

Hata hiyo 167 hupatikana tu iwapo malipo ya kwanza yamebaki nchini, na hapo ndipo penye uzito wa barua yangu. Bilioni 100 za barabara ya lami zikitoka 60 kununua mitambo, lami na dizeli ng'ambo, mzunguko unaanza na 40, na pato linaongezeka kwa takriban bilioni 67, pungufu ya fedha zilizotumika. Barabara ya changarawe inayotumia vibarua na mawe ya hapa, ikibakiza 85, huongeza takriban bilioni 142. Sisemi tuache lami, kwa maana manufaa yake ya miaka mingi hayamo katika hesabu hii. Nasema tusiihesabie ajira na mapato isiyoyaleta.

Kuna pia malimbikizo ya madeni ya ndani, yaani fedha ambazo serikali imechelewa kuwalipa wakandarasi na wauzaji wa hapa nchini. Mkandarasi asiyelipwa hukopa benki kwa riba kubwa au hupunguza vibarua, na mzunguko huanza kurudi nyuma: kila shilingi 100 ya mshahara iliyokatwa huondoa 167 katika mapato ya watu. Kwenye vitabu matumizi yanaonekana yamefanyika, ilhali sokoni hayajafika.

Kwa hiyo naomba kila mradi mkubwa unaoletwa Bungeni uoneshe mambo mawili: sehemu ya malipo ya kwanza itakayobaki Uganda, na tarehe ambayo wakandarasi na wauzaji wa ndani watalipwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa uchumi, Tororo