Shoga yangu, usimchague mhudumu kwa ulimi wake

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Umeniandikia kuuliza umhoji vipi mtu anayeomba kazi ya kuhudumu mezani. Mimi maswali nimeyapunguza sana, maana mwaka jana nilimchukua kijana kwa utamu wa maneno, na wiki ya pili wateja wakaanza kunihama. Siku hizi anayeomba kazi naongea naye dakika kumi, kisha namjaribu kwa kazi yenyewe.

Kaa mezani na jamaa zako watatu, muagize kwa fujo kama wateja walivyo. Mmoja wali samaki, mwingine ugali kuku, wa tatu chipsi mayai bila pilipili, wa nne chai tu. Ongezeni soda mbili, moja baridi, moja ya moto. Akishaandika, wa ugali aseme, "Hapana, niletee wali." Anayejua kazi atawasomea oda yote upya kabla hajaondoka, na ataandika nani kaagiza nini, ili asirudi na sahani akiuliza chipsi ni ya nani. Wa kukariri kichwani nawaogopa, hata wakipatia.

Bili nayo: wali samaki 8,000, wali kuku 7,000, chipsi 3,500, chai 500, soda 2,000. Jumla 21,000. Mpe noti tatu za elfu kumi, uone kama atakuhesabia ile 9,000 mkononi au ataitupa mezani.

Halafu lalamika samaki hajaiva ndani. Anayebisha, au anayekimbilia kusema "hiyo ni kazi ya mpishi," atakugombanisha na watu. Unamtaka anayeomba radhi, akabeba sahani, akakwambia utasubiri muda gani.

Trei ya glasi sita ni ya mwisho, na maji yakimwagika kidogo usijali. Kubeba kunafundishika kwa wiki moja.

Tabia iangalie wakati yeye hajui kama anapimwa. Mwezi uliopita walikuja wawili. Mmoja alitoka hoteli kubwa, trei anaibeba kwa mkono mmoja, lakini alinisalimia mimi peke yangu na kumpita mama anayeosha vyombo kama nguzo. Binti wa pili alikuwa amefanya kazi kwa mama lishe. Alisalimia jikoni kote, na nilipomtuma kuchukua maji aliondoka na vikombe vichafu vya meza ya jirani. Hakutaka kurudi mikono mitupu. Trei ilimshinda, akaniambia mwenyewe, "Mama, hii sijawahi." Nikamchukua huyo.

Hata hivyo nilimjaribu siku tatu kwanza, na Ijumaa mchana ikiwa mojawapo, maana watu wakitoka msikitini ndipo unapojua nani anachoka vibaya. Posho ya siku hizo mlipe, hata usipomchukua.

Nisalimie watoto, na uniambie meza ni ngapi, nijue kama mhudumu mmoja atakutosha.

Wako wa siku zote