Nafuu ya kodi isiishie hewani kwa wenye mishahara midogo

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi mimi huandaa mishahara ya watu tisa katika kiwanda kidogo cha mikate hapa Mombasa, na kuna hesabu moja ambayo huniuma kila nikiifikia.

Chukua dada anayefungasha mikate kwa mshahara wa shilingi 20,000. Mwezi wa Novemba 2025 alikatwa 1,200 za akiba ya uzeeni ya NSSF, 550 za bima ya afya ya SHIF na 300 za tozo ya nyumba. Zilizobaki, 17,950, hutozwa kodi ya mshahara, PAYE, ya asilimia 10, yaani 1,795. Lakini sheria humpa kila mwajiriwa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo halipi PAYE kabisa. Je, zile 605 za nafuu ambazo hakuzitumia huenda wapi? Hazimfikii. Bosi anayelipwa laki tatu huifaidi nafuu yake yote. Huyu wa mshahara mdogo hupata sehemu tu.

Wachumi waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1962 Milton Friedman alipendekeza kodi hasi: mapato yakiwa chini ya kiwango fulani, serikali ndiyo imlipe mtu. Marekani ilianza mwaka 1975 kuwaongezea kipato wafanyakazi wenye mishahara midogo kupitia kodi, na nafuu isiyotumika hurudishwa kwa fedha taslimu. Ila wao husubiri hadi wajaze fomu za kodi za mwaka, na mwenye nyumba hasubiri mwaka kulipwa pango lake.

Kwetu kuna njia nyepesi zaidi. Nafuu iliyobaki ilipie kwanza SHIF ya mfanyakazi. Huyu dada, 605 zake zingelipa zile 550 zote, na 55 zingepunguza makato ya nyumba. Mwajiri angeonyesha hesabu hiyo katika ripoti ya PAYE anayoituma kila mwezi, kisha Hazina ikailipa bima. Mshahara ukipanda, msaada hupungua polepole, senti 10 kwa kila shilingi inayotozwa kodi, kwa hiyo hakuna atakayeogopa nyongeza.

Najua hofu ya wafanyakazi hewa. Kama fedha zingetolewa mkononi, mwajiri mjanja angeandika majina ya binamu zake kwa mshahara wa elfu mbili ili avune nafuu karibu yote. Zikienda kwenye bima, hana cha kutia mfukoni. Hofu nzito zaidi ni kwamba waajiri watabana mishahara wakijua serikali inajazia. Ndiyo maana nafuu hii itolewe pale tu mshahara unapofika kima cha chini cha kisheria.

Mama mboga na mwendesha boda hawamo katika PAYE, na mpango huu hautawafikia. Wao wanahitaji njia yao. Lakini huyu dada tayari yumo katika vitabu vya serikali, makato yake yanafika kila mwezi, na 605 zake zinajulikana hadi senti ya mwisho. Naomba Hazina iliweke jambo hili katika Mswada wa Fedha ujao.

Mwandaa mishahara,
Mombasa