Barua kwa mafundi seremala wa Keko: kabla hujaonana na meneja wa benki

Vijana wangu mafundi wa Keko,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Wenzenu kadhaa wamenijia kibarazani, kila mmoja kwa wakati wake, wakiuliza jambo lilelile: mtu anataka mkopo wa kununua mashine, aanzie wapi? Nilikaa upande wa pili wa ile meza kwa miaka mingi nikiwa afisa mikopo, nikastaafu nikiwa hapohapo. Naona nijibu mara moja kwa wote.

Wengi wenu huanzia foleni. Fundi anaingia benki asubuhi na bahasha ya kaki iliyojaa makaratasi, anamwomba mlinzi amwelekeze kwa meneja, anakaa kwenye benchi hadi mchana, kisha anaambiwa arudi kesho. Anaondoka akisema benki haitaki watu wa hali ya chini. Kumbe meneja yupo kwenye kikao, na hata angetoka asingekuwa na la kumjibu, kwa kuwa hajui huyu mtu anataka kiasi gani wala cha nini. Andika barua ya kuomba miadi, ukurasa mmoja, uipeleke kwa katibu muhtasi wake, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo inafanya kazi msiyoiona. Meneja akiisoma, mara nyingi huandika neno moja pembeni na kuipeleka kwa afisa mikopo. Afisa anafungua akaunti yako kwenye kompyuta, anatazama fedha zinavyoingia na kutoka, na anaangalia kumbukumbu zako za mikopo, ikiwemo ile midogo ya kwenye simu mnayodhani imesahaulika. Kwa hiyo siku unapokaa kwenye kiti, mazungumzo yalishaanza bila wewe kuwepo. Barua ikisema tu "naomba msaada wa mkopo ili nikuze biashara yangu", afisa hana cha kutafuta, nayo inalala kwenye trei.

Nimeandika mfano hapa. Fundi huyu ni wa mfano na tarakimu zake ni za mfano, lakini mpangilio ndio niliokuwa nafurahi kuuona. Juu kulia weka anwani yako na tarehe. Kushoto weka Meneja, jina la benki na tawi.

YAH: OMBI LA MIADI KUHUSU MKOPO WA BIASHARA WA SHILINGI 8,000,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda na makabati katika karakana ya kupanga hapa Keko tangu mwaka 2019, na nina akaunti ya biashara katika tawi lako, namba (iandike).

Naomba kuonana nawe kwa nusu saa kuzungumzia mkopo wa shilingi 8,000,000 wa miezi 24. Fedha hizo, pamoja na shilingi 1,500,000 nilizoweka akiba, zitatumika kununua mashine ya randa kwa 6,200,000, kuunganishiwa umeme wa njia tatu kwa 800,000, na kununua mbao za 2,500,000. Mauzo yangu ya miezi 12 iliyopita ni wastani wa 3,600,000 kwa mwezi. Baada ya gharama zote na matumizi ya nyumbani hubaki 620,000. Mwezi mbaya kuliko yote, Januari, zilibaki 450,000.

Nitakuja na nakala pamoja na halisi za kitambulisho cha taifa, TIN, cheti cha jina la biashara, leseni ya biashara ya mwaka huu, mkataba wa pango, taarifa ya akaunti ya miezi 12, taarifa ya malipo niliyopokea kwa simu, profoma ya mashine na makadirio ya TANESCO. Kwa upande wa dhamana nitakuja na nakala ya leseni ya makazi ya nyumba yetu. Mke wangu analifahamu jambo hili na yuko tayari kufika. Cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi nimekiomba TRA, bado sijakipata.

Naweza kufika Jumanne tarehe 12 au Alhamisi tarehe 14, saa 4 asubuhi. Kama siku hizo hazifai, nitashukuru kupangiwa nyingine kwa simu namba (iandike).

Hapo chini jina kamili na sahihi. Wenye kupenda "wako katika ujenzi wa taifa" waandike, haina ubaya.

Sasa tuitazame. Kwanza umeme. Fundi anataja bei ya mashine, analeta na profoma safi, kisha meneja anauliza swali moja: karakana yako ina umeme wa njia ngapi? Mashine nyingi kubwa za randa zinataka njia tatu, na karakana nyingi za kupanga zina njia moja. Mkopo ukitoka bila hilo kupangwa, mashine inakaa kwenye turubai huku marejesho yakianza mwezi unaofuata. Nimeona mashine mpya ikiuzwa kwa hasara kwa sababu hiyo. Ukitaja makadirio ya TANESCO ndani ya barua, umeshamwonyesha kwamba umeifikiria mashine hadi siku inapowashwa.

Pili, ule mwezi mbaya. Vijana mnapenda kutaja mwezi wa Desemba, watu wanapobadilisha makochi. Benki inaogopa Januari, fedha zote za mji zinapokwenda kwenye ada. Tuchukue riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Milioni 8 kwa miezi 24 inakupa rejesho la takriban shilingi 399,400 kila mwezi. Fundi wetu Januari alibakiwa na 450,000. Inabana, ila inapita. Angeomba milioni 12 kwa masharti hayohayo rejesho lingefika karibu 599,000, na Januari ingemwangusha, hata kama wastani wake wa 620,000 unaonekana kutosha kwenye karatasi. Riba yenu mtaambiwa na benki yenyewe, na muulize kama inakokotolewa kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote wa mwanzo, maana asilimia ileile huzaa rejesho tofauti kabisa. Lakini hesabu ya mwezi mbaya ifanyeni nyumbani kabla ya kuandika kiasi kwenye kichwa cha barua. Kiasi hicho kikishaandikwa, kukipunguza mbele ya meneja kunakufanya uonekane ulikuwa unabahatisha.

Tatu, makaratasi yenyewe. Kuyataja yote si kazi. Kazi ni yaongee lugha moja. Kitambulisho cha taifa kina majina matatu, leseni ina mawili, akaunti ya benki ina jina la utani la kibiashara, na mkataba wa pango umeandikwa kwa jina la kaka yako aliyeanzisha karakana. Afisa mikopo anaona watu wanne. Yalazeni mezani kabla ya kuandika barua, msome majina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya jina hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Pango lililo kwa jina la mwingine linahitaji mkataba mpya na mwenye eneo. Na mkiwa kwenye huo mkataba, tazameni unaisha lini. Kama umebakiza miezi minne na unaomba mkopo wa miezi 24, meneja ana haki ya kuuliza mashine itahamia wapi. Barua fupi ya mwenye eneo, kwamba yuko tayari kuongeza muda, inalimaliza swali hilo.

Malipo ya simu ndiyo yanayowaumiza zaidi. Mteja anatuma fedha za kabati kwenye laini yako, unanunua mbao kwa laini hiyohiyo, benki haijui kitu. Unasema mauzo ni 3,600,000, taarifa ya akaunti inaonyesha laki 9. Ombeni taarifa rasmi kutoka kwa mtandao wa simu, kisha kwa kalamu mweke alama kwenye malipo ya wateja, muyatenge na ya mjomba aliyetuma nauli. Nawashauri pia kuanzia sasa mhamishie mauzo benki kila wiki, hata kama yatatoka kesho yake. Barua inayopelekwa baada ya miezi sita ya namna hiyo inasomwa kwa jicho lingine.

Kuhusu nyumba nasema kwa mkazo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Kwa hiyo sentensi ile ya "mke wangu analifahamu" si adabu tu. Wapo waliofika hadi hatua ya kusaini ndipo mama mwenye nyumba akasikia habari kwa mara ya kwanza, na faili likafungwa siku hiyo, na nyumbani nako hakukukalika. Leseni ya makazi nayo ina muda wake wa kwisha, iangalieni. Na siku ya miadi, halisi ya hati ni ya kuonyesha na kurudi nayo. Hati haiachwi kwa mtu yeyote, awe wa benki au anayejiita wakala wa benki, kabla ya kusaini mikataba na kupewa maandishi ya kuipokea.

Mtaniuliza mbona fundi wangu ametaja cheti asichokuwa nacho. Kwa makusudi. Karatasi inayosubiriwa ikitajwa wazi, meneja anaipangia nafasi. Ikifichwa ikagundulika, anaanza kuzitilia shaka hata zile ulizoleta.

Tarehe pia zina maana. Mwisho wa mwezi tawi limejaa mishahara na hesabu za kufunga. Ombeni katikati ya mwezi, asubuhi, na mtaje siku mbili mnazoweza. Wiki moja ikipita kimya, nenda na ile nakala yenye mhuri, umwulize katibu muhtasi barua imefika kwa nani. Mara nyingi utaambiwa jina la afisa mikopo. Kaa naye huyo kwanza bila kinyongo, kwa sababu mkopo wa milioni 8 yeye ndiye atakayeuandikia mapendekezo, na kamati ya mikopo itasoma alichoandika yeye.

Mwenye rasimu ya barua aniletee Jumamosi baada ya adhuhuri, pamoja na mkataba wake wa pango. Tutaanza na mkataba.

Mzee wenu,
Afisa mikopo mstaafu, Temeke