Kuhusu Mpangaji Mpya wa Nkuhungu

Ndugu yangu Mazengo,

Mbukwenyi! Huku Kondoa mama anaendelea vizuri, goti tu ndilo linamsumbua. Nimechelewa kukujibu, nisamehe, lakini hili la nyumba halingoji.

Unasema kuna watu wawili wanakuja kuiona Jumamosi. Tafadhali, safari hii tusiende kwa macho. Yule bwana aliyeondoka na kodi yangu ya miezi minne alikuja na shati limenyooka, tukamwamini wote wawili.

Nakala ya NIDA usiipokee, shika kadi yenyewe. Namba ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kisha anza kumtumia pesa kwenye simu yake, hata mia tano, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea. Laini zinasajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, kwa hiyo jina likija la mtu mwingine, aeleze. Yule bwana laini yake ilikuwa ya shemeji, nasi tukacheka tu.

Kubwa zaidi ni salari slipu. Hapo ndipo tulipoumia. Tuliona mshahara wa msingi 1,050,000 tukafurahi, hatukushuka hadi chini. Alikuwa na mikopo miwili, kinachoingia mkononi ni 370,000. Toa kodi yangu 250,000, anabaki na 120,000 ya kula, nauli ya Mtumba, umeme na watoto watatu. Angelipaje? Basi wewe soma mstari wa mwisho, na uombe slipu za miezi mitatu mfululizo, maana ya mwezi mmoja inaweza kuwa kabla ya mkopo kuanza kukatwa. Akishalipa kodi abaki na laki tano hivi, nitalala usingizi.

Yule wa Jumamosi mwenye duka la vipuri hana slipu, najua. Usimfukuze. Aonyeshe leseni na miamala ya simu ya miezi sita, tuone kama hela inaingia kila wiki au ilijazwa juzi. Na umpigie mwenye nyumba wake wa zamani, si wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifia ili amtue kwangu!

Barua ya mwenyekiti wa mtaa alikotoka ni lazima kwa wote. Ila picha za vitambulisho vyao usizirushe kwenye lile kundi lenu la madalali.

Na udalali wako... nusu akiingia, nusu akimaliza miezi mitatu. Usinune, ni wewe uliyemleta yule bwana!

Je, wa Jumamosi yupi ana familia? Ile LUKU yule bwana ameiacha na deni? Kufuli la geti umebadilisha? Na Mama Sekela kapona?

Nipigie jioni.

Baba Neema